Saa mbili za kulipwa, saa sita za kazi

Mzazi wa Mbezi Beach na mwalimu wa Kimara wamekubaliana kwa simu. Mwalimu atafundisha Hisabati na Fizikia, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili kila siku, na atalipwa Sh 20,000 kwa kipindi. Mtoto yuko kidato cha nne na mtihani wa taifa ni Novemba. Mzazi anakata simu akiwaza kwamba Sh 10,000 kwa saa ni pesa nyingi. Mwalimu naye anawaza hivyo hivyo. Wote wawili wamezihesabu saa za mezani peke yake.

Nimezungukia hesabu hii kwa sababu Dar es Salaam imejaa watu wanaoishi kwa kazi hii: wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira, walimu wa shule binafsi wanaoongezea mshahara, wanafunzi wa chuo kikuu wanaotafuta ada. Ukiwauliza wanalipwa kiasi gani, watakutajia bei ya kipindi. Ukiwauliza kipindi kimoja kinawachukua muda gani toka wafunge mlango wa nyumbani mpaka waufungue tena, wengi wataanza kuhesabu kwa vidole. Mwalimu wa Kimara ninayemtumia hapa ni wa mfano, na tarakimu zake nimezichagua zifanane na maisha ya mjini. Anayetaka kujipima aziondoe hizi, aweke zake.

Tuanze na siku moja ambayo kila kitu kimekwenda sawa.

Mwalimu anatoka nyumbani saa tisa kamili alasiri. Anapanda gari mpaka Mwenge, anabadilisha, anapanda la Tegeta na kushuka Africana, kisha anachukua bodaboda kuingia ndani kwa sababu nyumba iko mbali na barabara na jua la saa kumi ni kali. Safari imekula saa moja na dakika kumi. Getini anafunguliwa, anakaribishwa sebuleni na kumngoja mtoto ambaye ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi la shule, hajabadilisha sare wala hajala. Dakika ishirini zinapita. Somo linaanza saa kumi na nusu na kuisha saa kumi na mbili na nusu jioni. Mama mtu anatoka jikoni, anauliza mtoto anaendeleaje, na swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Dakika kumi nyingine. Mwalimu anatembea mpaka kituoni, na safari hii foleni imekaza zaidi, basi anafika Kimara saa mbili kamili usiku.

Hizo ni saa tano. Kabla ya hapo, usiku wa jana, alikuwa amekaa saa moja nyingine: robo tatu ya kuandaa maswali ya matrisi na kuyapitia mwenyewe, na robo saa ya kusahihisha kazi aliyomwachia mtoto. Jumla ni saa sita kwa kipindi kinachoitwa cha saa mbili.

Upande wa pesa, gari mbili za kwenda zimemgharimu Sh 1,500, bodaboda Sh 1,000, na gari mbili za kurudi Sh 1,500. Nauli yote ni Sh 4,000. Kopi za maswali, kalamu na sehemu ya bando la simu tuziwekee Sh 1,000. Katika ile Sh 20,000 zinabaki Sh 15,000. Gawa kwa saa sita, unapata Sh 2,500 kwa saa. Hapo hakuna aliyemkosea, hakuna aliyeahirisha, na mvua haikunyesha.

Watu wakisikia hesabu hii huikimbilia nauli, kwa kuwa nauli ndiyo inayotoka mfukoni kwa macho. Lakini hata kama mzazi angemrudishia mwalimu Sh 4,000 yote, malipo yangepanda mpaka Sh 3,200 tu kwa saa. Kinachomla mwalimu zaidi ni muda wa barabarani wenyewe. Mwondolee safari kabisa, nauli pamoja na zile saa mbili na nusu za gari na kituo, na kipindi kile kile kingemlipa takriban Sh 5,400 kwa saa. Hakuna kitu kingine katika hesabu hii chenye nguvu kama hiyo.

Maandalizi, kwa mfano, ndiyo sehemu ambayo mwalimu aliyechoka hushawishika kuikata kwanza, maana hakuna anayemwona akiifanya. Tuseme ameikata yote: anaingia na kitabu, anamuuliza mtoto leo mlifundishwa nini, anaanza hapo. Saa sita zinakuwa tano, na malipo yanapanda kutoka Sh 2,500 hadi Sh 3,000. Kwa Sh 500 hiyo amejiweka katika hatari ya kukwama mbele ya swali la vekta ambalo hakulipitia, na mtoto wa kidato cha nne hulitambua hilo mara moja, tena hulisema mezani wakati wa chakula cha usiku. Mimi naona huo ni ubahili wa mahali pasipofaa. Muda wa maandalizi hupungua wenyewe kadiri mwalimu anavyozeeka na somo, kwa kuwa seti ya maswali ya trigonometria aliyoitunga mwaka jana anaweza kuitumia tena mwaka huu kwa mtoto mwingine. Isipokuwa pale mtaala unapobadilika: mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu kuanzia 2024, na mwalimu anayehama na madarasa yanayoufuata analazimika kuyafungua upya madaftari aliyodhani ameshamalizana nayo.

Sasa tuingize vipindi vilivyoahirishwa, maana ndivyo walimu wanavyovilalamikia kuliko vyote.

Katika mwezi wa wiki nne, vipindi ni 12. Mwalimu wetu amefundisha tisa. Vitatu havikufanyika, na kila kimoja kimekufa kwa namna yake.

Cha kwanza, mama aliandika ujumbe jana yake usiku: "Mwalimu habari, samahani kesho tuna msiba, mtoto hatakuwepo." Hapa mwalimu hajapoteza hata dakika ya safari. Alichopoteza ni jioni yenyewe, ambayo hawezi kuiuza kwa mtu mwingine kwa taarifa ya usiku mmoja. Maandalizi aliyokwisha kuyafanya hayajapotea, kwa kuwa mada ile ile itafundishwa kipindi kijacho. Hili husahauliwa sana: kipindi kinapoahirishwa, maswali hukaa kwenye begi yakingoja, lakini safari hairudi.

Cha pili, simu iliita akiwa Mwenge anagombea gari. Mtoto amepata mafua. Amekwisha kutumia dakika 45, atatumia nyingine 45 kurudi, na Sh 1,500 za nauli. Saa moja na nusu imekwenda.

Cha tatu ndicho kichungu. Amefika getini, mlinzi anamwambia hakuna mtu. Anapiga simu, haipokelewi. Anangoja nusu saa kivulini, kisha ujumbe unaingia: "Mwalimu shule wamechelewa kuwarudisha, tuonane Jumatano." Amepoteza saa tatu, na nauli nzima ya Sh 4,000.

Tujumlishe mwezi. Vipindi tisa vilivyofundishwa ni Sh 180,000. Gharama zake ni Sh 45,000, ongeza Sh 5,500 za safari mbili za bure, zinakuwa Sh 50,500. Zinabaki Sh 129,500. Saa ni 54 za vipindi vilivyofanyika na saa nne na nusu za vile vilivyokufa njiani na getini, jumla saa 58 na nusu. Malipo halisi ni kama Sh 2,200 kwa saa.

Matokeo haya yalinishangaza kidogo. Nilitarajia vipindi vilivyoahirishwa viiangushe bei ya saa vibaya, kumbe vimeishusha kutoka Sh 2,500 hadi Sh 2,200 tu. Sababu yake ni rahisi ukiitazama: kipindi kisipofanyika hulipwi, lakini pia saa nyingi za kipindi hicho hukuzifanya. Maumivu yake yako kwingine. Kama vipindi vyote 12 vingefanyika, mwalimu angebakiwa na Sh 180,000 safi mwisho wa mwezi. Amebakiwa na Sh 129,500. Zaidi ya robo ya pato lake imetoweka, na kodi ya chumba haikupungua kwa robo. Kwa hiyo safari ndefu ni ugonjwa wa bei ya saa, na kuahirishwa ni ugonjwa wa mwisho wa mwezi. Dawa zake hazifanani, na mwalimu anayezichanganya hupandisha bei pale ambapo angepaswa kubadilisha masharti, au hugombana na mzazi kwa kuahirisha wakati shida yake ni umbali wa kutoka Kimara hadi Africana.

Tuichukue safari kwanza. Jirani wa mwalimu huyu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, ana mtoto wa kidato cha tatu na anaweza kulipa Sh 12,000 kwa kipindi cha saa mbili. Ukilinganisha bei kwa bei, mwalimu atamkataa. Lakini kipindi hicho kina saa mbili za kufundisha, dakika ishirini za kwenda na kurudi, nusu saa ya kungoja na kuongea na wazazi, na saa moja ya maandalizi. Jumla ni saa tatu na dakika 50. Nauli hakuna, kopi ni Sh 1,000. Zinabaki Sh 11,000, ambazo ni karibu Sh 2,870 kwa saa. Sh 12,000 ya jirani inalipa vizuri kuliko Sh 20,000 ya Mbezi Beach, na siku mtoto wa jirani akiugua, mwalimu amepoteza matembezi ya dakika ishirini.

Hili linaeleza jambo ambalo walimu wazoefu wa mjini wanalifanya bila kulipigia hesabu: hukataa mtoto mmoja aliye peke yake upande wa pili wa mji, na kukubali watatu wa mtaa mmoja kwa bei ya chini. Mbezi Beach nayo haina ubaya ikiwa ina zaidi ya mtoto mmoja. Tuseme mtoto wa nyumba ya jirani, wa darasa hilo hilo, anakuja kukaa meza moja na mwenzake, na kila mzazi analipa Sh 14,000 badala ya Sh 20,000. Mwalimu anapokea Sh 28,000. Nauli ni ile ile Sh 4,000, kopi zimekuwa Sh 2,000, na kusahihisha daftari la pili na kuliandalia maswali kumeongeza nusu saa. Sh 22,000 kwa saa sita na nusu ni takriban Sh 3,400 kwa saa. Kila mzazi amepunguziwa Sh 6,000. Mpango huu una kikomo chake, nao ni watoto wenyewe: mmoja akiwa anahangaika na kutafuta kigawo na mwenzake yuko kwenye uwezekano, mwalimu anafundisha vipindi viwili ndani ya kimoja na hakuna anayenufaika. Kabla ya kuwaweka pamoja ni vizuri kuwapa wote wawili karatasi moja ya maswali kumi na kuona wamekosea wapi.

Kufundisha kwa simu ya video kunaondoa safari moja kwa moja, na hesabu yake ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Hata mzazi akilipa nusu ya bei, Sh 10,000 kwa saa mbili, mwalimu akitoa Sh 1,500 ya bando na kuhesabu saa moja ya maandalizi na robo saa ya kuunganisha na kungoja, anabaki na Sh 8,500 kwa saa tatu na robo, yaani kama Sh 2,600 kwa saa. Ni zaidi ya anachopata akivuka mji kwa Sh 20,000. Tatizo liko kwa mtoto. Hisabati inataka mwalimu aone mkono unapoandika, hatua kwa hatua, ili ajue kosa limeanzia mstari wa pili au wa tano, na picha ya daftari inayotumwa baada ya dakika kumi imeshachelewa. Umeme ukikatika, kipindi kimekwisha. Kwa kijana wa kidato cha nne mwenye nia, siku moja kati ya tatu inaweza kufanyika hivyo. Kwa mtoto wa darasa la tano, sishauri.

Sasa kuahirisha. Dawa yake iko kwenye makubaliano ya siku ya kwanza, kabla mtu hajamzoea mwenzake. Makubaliano mengi ya tuisheni hutaja bei, siku na saa, basi. Kinachokosekana ni sentensi moja kuhusu kipindi kisichofanyika. Walioiweka huiweka hivi: ukiniarifu kabla ya saa sita mchana, tutafidia siku nyingine, ukiniarifu baada ya hapo, kipindi kimehesabika. Saa sita mchana imechaguliwa kwa sababu mwalimu hajatoka nyumbani. Chini ya sharti hilo, msiba wa jana yake unafidiwa Jumamosi, na safari ya Mwenge na ile ya getini zinalipwa. Mwezi ule ule unampa mwalimu Sh 240,000, na baada ya gharama za Sh 55,500 zinabaki Sh 184,500 kwa saa 64 na nusu. Ni karibu Sh 2,860 kwa saa, bila bei ya kipindi kuongezwa hata shilingi.

Kulisema sharti hilo mbele ya mtu unayemwamkia ni kazi nyingine. Kijana wa miaka 25 aliyeingia na "Shikamoo mama" hapati wepesi wa kuongeza kwamba mtoto wake akiugua mchana atalipiwa. Wengi huona ni kama kumdai mwenyeji. Njia inayokwenda vizuri ni kulitanguliza pamoja na ahadi ya upande wa pili: "Mama, na mimi nikishindwa kuja bila kukutaarifu kabla ya saa sita, kipindi kinachofuata ni cha bure." Mzazi akisikia sharti linambana pia mwalimu, hulikubali kwa wepesi zaidi, maana naye amewahi kukaa na mtoto mezani akimngoja mwalimu asiyetokea.

Malipo ya mwezi mzima kabla ya kuanza yangemaliza ubishi wote, na kuna wazazi wanaoyakubali. Wanaoyakataa wana sababu nzito: walimlipa mtu, akaja mara nne, simu ikazimwa. Kati ya misimamo hiyo miwili kuna malipo ya wiki mbili wiki mbili, vipindi sita kwa mpigo. Hasara ya kila upande ina mpaka, na mwalimu halazimiki kumkumbusha mzazi deni kila anaponyanyuka mezani.

Kuna ulinganisho mmoja ambao watu hupenda kuufanya, na unahitaji tahadhari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, ambazo ni kama 195 kwa mwezi. Ukizizidisha kwa Sh 2,200 unapata takriban Sh 429,000, na mtu anaweza kusema si haba. Lakini mwalimu wa tuisheni hawezi kuzijaza saa 195. Watoto wako shuleni mpaka alasiri, na saa zake za kuuza ni chache: jioni tano na Jumamosi. Katika mfano wetu, mtoto mmoja wa mbali anakula jioni tatu nzima, na saa tano asubuhi mwalimu yuko huru bila mtu wa kumfundisha. Hana likizo ya malipo wala siku za kuugua, na hakuna mwajiri anayemchangia NSSF. Desemba, kidato cha nne wakishamaliza mtihani, mwanafunzi huyo hayupo tena, na wa kumrithi hupatikana baada ya shule kufunguliwa, pengine kwa dalali anayetaka sehemu ya malipo ya kwanza, pengine baada ya kipindi cha majaribio kisicholipwa, ambacho nacho kina nauli yake.

Anayetaka kujua bei yake ya kweli anahitaji daftari dogo na mwezi mmoja tu. Kila kipindi aandike saa aliyotoka nyumbani, saa aliyorudi, dakika za maandalizi usiku, alichotoa na alichopokea. Safari za bure nazo ziandikwe, hata zile za kufika Mwenge na kurudi. Mwisho wa mwezi ajumlishe pesa iliyobaki, aigawe kwa saa zote, na afanye hivyo kwa kila mwanafunzi peke yake. Kugawa kwa jumla kunaficha jambo, kwa kuwa mtoto wa jirani atambeba wa mbali bila mtu kujua. Dalili ya hatari ni mwanafunzi mwenye bei kubwa kuliko wote kutokea mwisho kwenye orodha.

Na akigundua kwamba mwanafunzi huyo ni yule wa Mbezi Beach, aliye kidato cha nne, na sasa ni Julai? Kumwacha miezi minne kabla ya mtihani ni kumtupa, na bei haipandishwi njiani bila mzazi kuona kwamba amevutwa shati wakati hana pa kwenda. Kinachowezekana sasa ni kupanga upya siku: jioni tatu za wiki ziwe jioni moja na Jumamosi ya saa nne, mapumziko ya chai katikati. Saa za kufundisha ni sita zile zile, malipo Sh 60,000 yale yale, safari mbili badala ya tatu, na Jumamosi asubuhi haina mtoto anayengojwa ashuke kwenye basi la shule. Bei mpya, pamoja na sentensi ya saa sita mchana, atamtajia mzazi wa mwanafunzi anayefuata, Januari.